Mama anachoma Mixtard asubuhi na jioni, anasafiri Dar–Amsterdam–Minneapolis. Sindano ya ndani ya ndege ichomwe saa ngapi?

BintiKigamboni

Wakuu habarini za jioni. Naomba msaada kwa waliowahi kupitia hili au mnaofanya kazi kwenye kliniki za kisukari.

Mama yangu ana miaka 64, ana kisukari aina ya pili. Anachoma insulini ya Mixtard 30 ya chupa, yuniti 24 saa 1 asubuhi na yuniti 16 saa 1 jioni. Anameza metformini ya miligramu 1000 asubuhi na jioni, na amlodipini ya presha kabla ya kulala. Mwezi wa saba anakwenda kwa mdogo wangu Minneapolis, atakaa miezi mitano. Hajawahi kupanda ndege.

Tiketi yake iko hivi: Ijumaa anaondoka Dar 22:30, Jumamosi anafika Amsterdam 07:30, anaondoka tena 13:00, anatua Minneapolis 15:00 Jumamosi hiyo hiyo. Ukisoma haraka unadhani Amsterdam hadi Minneapolis ni saa mbili, kumbe ni saa tisa angani. Wakati anatua, huko ni saa 9 mchana na Dar ni saa 5 usiku.

Sasa ile sindano ya saa 1 jioni ya Jumamosi ni saa 1 ya wapi? Akifuata ya Dar atakuwa juu ya bahari. Akifuata ya Minneapolis atakuwa amekaa saa 20 tangu sindano ya asubuhi. Daktari wake amesema tumpelekee ratiba ya ndege wiki ijayo, nami nataka niende nikiwa na maswali ya maana. Pia naomba kujua uwanjani wanataka karatasi gani.

Ngosha_wa_Igoma

Dada hilo halina ugumu. Mwambie mama asiguse saa yake ya mkononi, ibaki ya Dar mpaka mwisho wa safari, achome kama kawaida. Baba mdogo alikwenda Ujerumani hivyo hivyo na hakupata shida.

Dawa ziweke kwenye kibokisi chenye barafu nyingi, kisha ziingie kwenye begi kubwa la chini. Ukibeba sindano mkononi watakusumbua getini bure.

Sista_Kliniki

BintiKigamboni, umefanya vizuri kuuliza mapema. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ya kila siku ni kliniki ya kisukari. Nitakueleza tunavyopiga hesabu, halafu daktari wa mama ndiye apitishe yuniti, kwa sababu yeye anajua figo zake zikoje na sukari yake huwa inacheza wapi.

Kwanza nimjibu Ngosha, maana kuna alipopatia. Kuacha saa ya mkononi kwenye muda wa Dar wakati wa safari ni sahihi kabisa. Mwili wa mama bado uko Dar, na insulini aliyochoma asubuhi haijui kama amevuka bahari. Baba mdogo hakupata shida kwa sababu Ujerumani na kwetu tunapishana saa moja au mbili tu kutegemea msimu, na tofauti ya namna hiyo haihitaji kubadilisha chochote. Minneapolis mwezi wa saba tunapishana saa 8. Akiendelea na saa ya Dar baada ya kufika, sindano ya asubuhi itaangukia saa 5 usiku wa huko, muda wa kulala. Lazima kuwe na siku moja ya kuvuka kutoka saa hii kwenda ile.

Kwenye begi la chini hapana, Ngosha. Begi linaweza kubaki Amsterdam mama akafika Minneapolis bila dawa, na huko chini baridi inaweza kugandisha insulini. Barafu nayo ina hatari hiyo hiyo chupa ikiigusa. Insulini iliyoganda haifai hata ikishayeyuka. Kwa Mixtard kuna namna ya kuangalia: bingirisha chupa taratibu kati ya viganja, usiitikise. Nzima inakuwa nyeupe ya maziwa, sawasawa chupa nzima. Ukiona chembe zinaelea, au kama unga umeganda kwenye kuta za chupa, itupe.

Kwa safari ya siku moja haihitaji barafu kabisa. Chupa iliyofunguliwa inakaa nje ya friji kama wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 25 hadi 30, karatasi ya ndani ya boksi itakwambia ya kwake ni ngapi. Ndani ya ndege ni baridi ya kawaida. Jua la kwenye gari mkiwa foleni ya kwenda uwanjani ndilo la kuogopa, kwa hiyo mkoba akae nao mama mwenyewe, usiachwe kwenye dashibodi.

Hesabu ya saa naiandika kesho nikitoka zamu, nataka niipange vizuri.

Mzee_wa_Chumbageni

Asanteni kwa uzi. Mimi nina kisukari, natumia glimepiride na metformini, sichomi sindano. Nakwenda Umra Ramadhani ijayo inshallah. Je, nami nipunguze dawa nikivuka masaa?

Sista_Kliniki

Shikamoo mzee wangu. Jeddah, Makka na Madina saa yao ni sawa na ya kwetu, hakuna masaa unayovuka. Jambo lako wewe ni kufunga, na hilo ni kubwa kuliko la BintiKigamboni kwa upande wa vidonge. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari hadi chini. Glimepiride inashusha, iwe umekula au hujala. Ukiimeza kwenye daku kama ulivyozoea asubuhi, itafanya kazi mchana kutwa ukiwa umefunga na unatembea juani. Nenda kliniki kabla ya Ramadhani wakupangie upya, mara nyingi huhamishiwa futari na kiwango huangaliwa. Usijipangie mwenyewe mzee wangu.

KariakooMzigoni

Nami naomba niingie hapo hapo. Mimi ni aina ya kwanza tangu nikiwa shule, nachoma glajini yuniti 20 saa 4 usiku na ile ya haraka kila nikila. Naenda Guangzhou kufuata mzigo. Kule wako mbele yetu saa 5. Saa 4 usiku yetu kwao ni saa 9 usiku, siwezi kuwa naamka saa hiyo kila siku. Nikichoma saa 4 usiku ya kwao nakuwa nimewahi, saa 19 tu tangu ya jana. Nafanyaje?

Sista_Kliniki

KariakooMzigoni, ile ya haraka haina mjadala, inafuata sahani. Unakula, unapima, unachoma, popote ulipo.

Glajini ya jana bado inafanya kazi kwa saa tano unapochoma nyingine mapema, kwa hiyo zinapandana. Ukienda mashariki siku inakuwa fupi, na usiku huo mmoja wa kwanza tunapunguza. Saa 5 kati ya 24 ni kama sehemu ya tano, kwa yuniti 20 tunaongelea kama 16, kisha kesho yake unarudi 20. Wengine wanapenda kuisogeza taratibu wakiwa bado nyumbani: leo saa 3, kesho saa 2, hivyo hivyo mpaka wakaribie. Zote mbili zinafanya kazi, mwulize daktari wako anakuamini kwenye ipi.

Usithubutu kuiruka kabisa eti kwa sababu umechoka na safari. Mtu wa aina ya kwanza akikosa ile ya msingi anaweza kuingia kwenye asidi ya damu ndani ya saa chache, atapike, na atadhani ni chakula cha ugenini.

Sista_Kliniki

Haya BintiKigamboni, sasa ya mama. Nitataja saa ya Dar kwa sababu ndiyo iliyo mkononi mwake, na nitataja ya mahali alipo pale tu inapobidi.

Ijumaa saa 1 asubuhi: yuniti 24 na chai kama kawaida.

Ijumaa jioni mnatakiwa uwanjani kama saa 1 na nusu. Apikiwe mapema, achome yuniti 16 nyumbani saa 12 na nusu, ale chakula chake cha usiku, ameze metformini, ndipo mtoke. Msipange kwamba atachoma uwanjani. Foleni ikirefuka, anajikuta ana insulini mwilini na chakula hakipo.

Ndege ikishapaa wataleta chakula, itakuwa kama saa 6 usiku. Hapo ndipo wasafiri wengi wanapokosea, wanaona sahani wanachoma tena. Hiyo ni sahani ya ziada, sindano yake ya jioni ameshachoma. Ale kidogo akitaka, mboga na nyama, mkate na keki aache. Amlodipini ameze, alale.

Asubuhi wanaleta chai kabla ya kutua Amsterdam. Itakuwa karibu na saa 1 ya Dar, ambayo ndiyo saa yake. Apime, achome 24. Nyumbani mmemfundisha achome nusu saa kabla ya kula, ila ndani ya ndege achome chakula kikiwa kimeshawekwa mezani kwake. Ndege ikianza kurukaruka wahudumu wanakaa chini na toroli linarudi, na mtu aliyechoma akisubiri toroli anashuka sukari. Metformini ameze hapo.

Amsterdam ana saa tano na nusu. Atembee, anywe maji, apime akikaribia kupanda.

Ndege ya pili inaondoka saa 8 mchana ya Dar. Chakula kikubwa kitakuja kama saa 9 na nusu, hicho ni cha mchana, kwenu mchana hachomi, basi na hapo hachomi. Mlo wa pili huletwa kama saa moja na nusu kabla ya kutua, yaani saa 3 na nusu usiku ya Dar. Hapo ndipo naweka sindano yake ya jioni. Imechelewa saa mbili na nusu, haina neno, na imepata chakula chake. Metformini ya jioni nayo iende hapo.

Sasa angalia kilichobaki. Amechoma saa 7 na nusu mchana ya Minneapolis. Sindano inayofuata ni saa 1 asubuhi ya Jumapili ya huko, saa 17 na nusu baadaye. Katikati hapo atakula chakula cha usiku kwa mdogo wako, na siku yake imerefuka kwa saa 8. Hizo saa 8 ndizo zinazohitaji insulini kidogo ya ziada, au hazihitaji, kipimo ndicho kitasema. Kanuni inayotumika kwa watu wa sindano mbili wanaoelekea magharibi ni hii: apime kabla ya chakula hicho, ikiwa juu ya 13 achome theluthi ya kipimo cha asubuhi, kwa mama ni yuniti 8. Ikiwa 13 au chini, asichome kitu, ale alale. Jumapili asubuhi anaanza 24 na saa ya mkononi inageuzwa.

Hiyo sindano ya mwisho ndiyo ya kumwuliza daktari kwa makini.

Tabibu_Moro

Sista, nakubaliana na wewe mpaka hapo mwisho. Mimi mgonjwa wa umri huo simpi ile theluthi. Ana 16 aliyochoma saa 7 na nusu mchana, na ile sehemu ya polepole ya Mixtard inakuwa na nguvu kati ya saa nne na kumi hivi baada ya sindano. Hiyo ni kuanzia saa 5 na nusu jioni mpaka usiku wa manane... nisahihishe: kuanzia saa 11 na nusu jioni mpaka saa 5 na nusu usiku ya Minneapolis. Ukiongeza 8 saa 1 jioni zinapandana, mama amechoka, amelala chumba kigeni, watu wanadhani ni usingizi wa safari. Sukari ya 14 au 15 usiku mmoja kwa mtu wa aina ya pili haimdhuru. Sukari ya 2.5 usiku huo inaweza kumuua.

Sista_Kliniki

Tabibu, hoja yako ina uzito, na mtu aliyewahi kushuka sukari bila kujijua nami simpi. Nilichoona kliniki ni wale wanaofika na 20 na zaidi kwa sababu ya kula ovyo njiani, wanakojoa usiku kucha na kuishiwa maji. Hao nisingewaacha hivi hivi. Daktari wake aamue, na kama ataipitisha, mtu ampime mama saa 8 usiku.

BintiKigamboni

Sista, Tabibu, Mungu awabariki. Mama aliwahi kushuka mara moja mwaka jana, alikuwa anatoka jasho na kujibu maswali hovyo. Nitalisema hilo kwa daktari.

Kwenye makaratasi je? Dawa zake za vidonge tunapewa kwenye zile bahasha ndogo za duka la dawa, zimeandikwa 1x2 kwa kalamu.

Mkazi_wa_Minneapolis

Dada, hizo bahasha ziache nyumbani. Afisa akishika bahasha ya vidonge vyeupe visivyo na jina hana njia ya kujua ni nini. Mwambieni mwenye duka awape boksi lenyewe la kiwandani, vidonge vikiwa ndani ya vifungashio vyake, na wabandike lebo yenye jina la mama. Chupa za insulini nazo zikae ndani ya maboksi yake.

Barua ya daktari iwe ya Kiingereza, karatasi ya kliniki yenye nembo, sahihi, mhuri na namba ya usajili ya daktari. Jina liwe lile lile la kwenye pasipoti, majina yote matatu. Mama zetu kliniki wameandikwa Mama Fulani au jina la baba limeachwa, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Barua iseme ana kisukari, itaje kila dawa kwa jina la dawa na si la kampuni tu, kiasi anachotumia, na iseme wazi kwamba anatakiwa kuwa na insulini, sindano, kipimo cha sukari, vichomeo na kitu cha sukari ndani ya ndege muda wote. Toeni nakala kadhaa. Moja mkobani, moja kwenye simu, moja kwa mdogo wako.

Kwenye mashine ya ukaguzi Dar na Amsterdam, asisubiri waione. Atoe kile kimfuko cha dawa, akiweke peke yake kwenye trei, amwonyeshe afisa barua. Kile kikomo cha mililita 100 za maji maji hakihusu dawa anazohitaji njiani. Kama lugha inamsumbua, omba msaada wa kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi hata kama anatembea vizuri. Mhudumu anamsindikiza kwenye ukaguzi na mpaka geti la Amsterdam, ambako umbali kati ya geti na geti ni mrefu.

Akirudi, anayeanzia Marekani anaweza kupiga TSA Cares, 855-787-2227, saa 72 kabla ya safari, wakamwandalia mtu wa kumsaidia kwenye ukaguzi. Mdogo wako apige.

Ngosha_wa_Igoma

Hapo kwenye barafu nimejifunza, asante Sista. Swali: miezi mitano abebe chupa ngapi? Si zote tu, huko dawa ni ghali sana.

Mkazi_wa_Minneapolis

Ngosha, Marekani kwa kawaida wanaruhusu uingie na dawa za matumizi yako zisizozidi siku 90. Mama anatumia yuniti 40 kwa siku. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1000, kwa hiyo inamaliza siku 25, kabla ya wiki nne za kukaa nje kuisha. Chupa nne ni siku 100 hivi, na ukihesabu zinazobaki kwenye sindano na chupa inayoweza kuvunjika, naona nne ni sawa. Sindano ni mbili kwa siku, abebe 180 na akiba kidogo.

Zile siku zinazobaki zinahitaji kama chupa mbili. Mixtard kwa jina hilo hawatapata, ila insulini ile ile ipo, inaitwa Novolin 70/30. Walmart wanaiuza kwa chapa ya ReliOn, ilikuwa kama dola 25 kwa chupa na majimbo mengi hawadai cheti. Mdogo wako aulize bei ya sasa mapema. Kwetu tunataja 30 ya haraka, wao wanaanza na 70 ya polepole, mchanganyiko ni huo huo. Awe makini na NovoLog Mix 70/30, jina limekaribiana lakini ndani ni tofauti, inaanza kazi haraka zaidi.

Stripu abebe za kutosha kipimo chake. Za dukani huku hazitaingia kwenye mashine ya Dar, na mashine za huku zinasoma kwa namba nyingine. Wao wakisema 180, kwetu ni 10. Unagawanya kwa 18.

Na chakula cha njiani: sambusa za nyama asibebe, wa forodha watazichukua na kumweka foleni. Chapati kavu, biskuti na juisi ndogo zinatosha, na kwenye fomu au akiulizwa aseme ana chakula na dawa.

Sista_Kliniki

Kwenye juisi niongeze. Akihisi jasho, kutetemeka au mawazo kuchanganyika, apime. Chini ya 4, anywe juisi nusu glasi au vijiko vitatu vya chai vya sukari, asubiri dakika 15, apime tena, kisha ndipo ale biskuti. Vitu hivyo viwe mfukoni au mfuko wa kiti cha mbele. Vikiwa kwenye kabati la juu na taa ya mkanda imewaka, havimsaidii. Na amwambie mhudumu wa ndege mapema kwamba ana kisukari, ili wakimwona amelala sana wamwamshe.

Jambo moja dogo la chupa: akiwa angani asisukume hewa ndani ya chupa kama anavyofanya nyumbani. Presha ya ndani ya ndege ni ndogo, hewa iliyoko ndani ya chupa inasukuma yenyewe. Avute polepole, aangalie mapovu, ahakikishe yuniti kabla ya kuchoma. Sindano zilizotumika aziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, asiziache kwenye mfuko wa kiti.

BintiKigamboni

Mrejesho wakuu. Tumetoka kwa daktari leo. Amekubali ratiba ya Sista mpaka ile ya saa 3 na nusu usiku, ila ameishusha kutoka 16 hadi 12 kwa sababu mlo wa pili wa ndege ni mdogo. Usiku wa Minneapolis amesema asichome chochote ikiwa chini ya 15. Ikizidi 15 achome 6, na mdogo wangu ampime saa 8 usiku. Kwa hiyo ni kama amesimama katikati yenu.

Nimemwandikia mama karatasi moja kubwa, saa zote kwa Kiswahili, kila sindano pembeni yake nimeandika ni mlo gani. Ya 19:00 nilikuwa nimeiandika saa 9, bahati dada yangu aliiona kabla hatujachapisha.

Kuhusu kurudi, tarehe ni mwezi wa kumi na mbili. Saa zinageuzwa tu ile ile?

Mkazi_wa_Minneapolis

Hapana dada. Huku saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na Amsterdam Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Desemba mtapishana saa 9 na sisi, si 8. Sindano zake za Minneapolis atafuata saa ya ukutani tu, siku ile ya kubadilisha saa moja haina shida. Ila hesabu ya safari ya kurudi mwanzeni upya.

Sista_Kliniki

Kurudi ni mashariki, siku inafupika, kwa hiyo tunapunguza. Chukulia anaondoka saa 9 na nusu alasiri: asubuhi 24 nyumbani kwa mdogo wako, jioni 16 kwenye chakula cha ndege kama saa 11 jioni ya huko. Amsterdam kutakucha na watampa chai, lakini zitakuwa zimepita kama saa saba na nusu tu tangu sindano hiyo. Ile ya asubuhi isiwe 24 nzima, iwe theluthi mbili, yaani 16. Ya jioni 16 kwenye mlo wa mwisho kabla ya kutua Dar, kama saa kumi baadaye, na kesho yake anaendelea na kawaida yake.

Ila hizo ni yuniti za leo. Miezi mitano ya chakula cha kule na baridi ya kukaa ndani inaweza kuwa imezibadilisha, kwa hiyo mdogo wako amtafutie kliniki ya kupimwa mwezi wa kumi na moja, aende na tiketi mkononi, na barua mpya iandikwe huko yenye dawa atakazokuwa anatumia wakati huo.